Mwanafunzi wa Uuguzi Haendi Wodini Kuziba Pengo

Wasikilizaji, tangazo la wiki hii la kuwaongezea zamu za usiku wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo ya vitendo mmelisikia. Sababu iliyotolewa mmeisikia pia: wauguzi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, na kituo hiki kimelisema hilo mara nyingi. Lakini mwanafunzi haendi wodini kuziba pengo. Anakwenda kujifunza.

Kinachotutia wasiwasi ni saa 11 alfajiri.

Mchukueni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada. Jana aliamka saa 1 asubuhi, akashinda darasani, jioni akapiga pasi sare yake, saa 2 usiku akapokea zamu. Ilipofika saa 6 usiku alikuwa ametimiza saa 17 bila kulala. Tafiti za usingizi za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mtu aliyefikia hapo hupungukiwa na umakini kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Kufika saa 11 alfajiri ana saa 22 macho wazi, na ndipo anapotumwa peke yake kupima wagonjwa wote kabla ya kukabidhi zamu.

Asubuhi itazameni chati. Joto limeandikwa, presha imeandikwa. Kwenye safu ya upumuaji: 20, 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda. Wodi nzima haiwezi kupumua sawasawa namna hiyo. Kuhesabu pumzi kunataka usimame dakika nzima ukitazama kifua kinavyopanda na kushuka, na mtu aliyeishiwa nguvu huanza kuiruka dakika hiyo, maana hakuna mashine ya kumsuta. Mzee wa nimonia anayehema mara 32 kwa dakika naye kaandikiwa 20. Daktari akipita, anasoma 20.

Dalili ya kuchoka kupita kiasi iko pale, kwenye kazi. Tumezoea kuitafuta usoni, na usoni mwanafunzi anaweza kuwa anatabasamu. Nyingine iko kwenye ulimi: wiki ya kwanza alimwita mgonjwa mama fulani, sasa anasema yule wa kitanda cha 7, na mama akilia anapita. Kisha huanza kuona hawezi lolote, hata kitabu chake cha kumbukumbu za vitendo hataki kukifungua. Kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, kujiona huwezi: Shirika la Afya Duniani lilizitaja sura hizo tatu mwaka 2019. Wodini kwetu mtoto huyo huitwa mvivu. Si mvivu. Ameziba pengo lisilo lake.

Afanye nini basi? Siku ya zamu ya usiku alale mchana, walau saa moja na nusu. Hapo mwanafunzi pekee hana uwezo. Chuo ndicho kimwondolee kipindi cha alasiri. Na akizidiwa alfajiri, aseme wakati wa kukabidhi: "Sista, nimeishia kitanda cha 12, waliobaki sijawapima." Nafasi tupu kwenye chati humwambia muuguzi anayeingia kwamba mgonjwa huyu hajapimwa. Namba ya kubuni humwambia kwamba yuko salama.

Usingizi na siku za mapumziko humrudisha aliyechoka. Ila mtu akipumzika na huzuni isimwachie, akikosa usingizi hata anapopata kitanda, hali hiyo ikifika wiki mbili, asiendelee kuambiwa ajikaze. Huenda ni sonona, aende kliniki ya afya ya akili. Na akianza kuwaza kujidhuru, apelekwe leo hii, wala asiachwe peke yake.

Wengi hawasemi, na tunajua kwa nini. Anayetakiwa kuwasikiliza ndiye huyohuyo anayewatilia saini na kuwapa alama. Nani atamwambia anayemsahihisha kwamba ameshindwa?

Wakuu wa vyuo, teueni mkufunzi asiyetoa alama, wanafunzi wamjue na wajue wapi pa kumpata hata usiku. Masista wasimamizi, msimwache mtoto wa watu peke yake na wodi saa 11 alfajiri; zungukeni naye, hesabuni pumzi pamoja naye. Nanyi wanafunzi, dada na kaka zetu, semeni! Semeni kabla hamjaandika 20 ya uongo! Mwanafunzi haendi wodini kuziba pengo, na waliotoa tangazo hili wanalijua. Tunawataka wairudishe ratiba hiyo mezani kabla zamu ya kwanza haijapangwa, na waajiri wauguzi.