Ratiba Kwanza, Kazi Tatu Baadaye

Wengi huanza asubuhi kwa kuorodhesha kazi. Lakini muhtasari mzuri wa siku huanza na ratiba, kwa kuwa ratiba ndiyo inayoonyesha muda uliobaki.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari. Ana vipindi tangu saa mbili hadi saa nne na nusu, kisha kikao saa sita na nusu mchana. Katikati zimebaki saa mbili, yaani dakika 120. Anataka kusahihisha madaftari 40, na kila moja humchukua dakika nne. Hizo ni dakika 160, hazienei! Basi anaandika kazi tatu zinazoenea: madaftari 20 kwa dakika 80, maswali ya jaribio kwa dakika 25, na simu kwa mzazi mmoja kwa dakika tano. Dakika kumi zilizobaki ni za mwanafunzi atakayebisha hodi, na atabisha tu.

Baada ya kazi, muhtasari huongeza tabia ya kujenga, moja tu. Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, aliorodhesha maadili 13, lakini kila wiki alikazia moja na kutia nukta daftarini kila alipokosea. Mwalimu wetu anaifunga tabia yake kwenye tukio: kikao kikiisha, kabla ya kuinuka, anaandika yaliyoamuliwa.

Kazi ileile ikijirudia kwenye muhtasari siku tatu mfululizo, mara nyingi ni kubwa mno. Aikate, aandike kipande cha kwanza pekee.