Selimundu: Kwa Nini Mifupa ya Mtoto Huuma Ghafla

Mazungumzo ya tabibu wa kliniki ya watoto na wazazi ambao watoto wao wamepimwa na kupatikana na selimundu

Wengi wenu mmeambiwa mambo mengi kwa siku moja: mtoto anywe maji, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua, ameze dawa kila siku hata akiwa mzima. Maagizo hayo huonekana kama hayahusiani. Yote yanatokana na jambo moja linalotokea ndani ya chembe nyekundu za damu, na mzazi akilielewa hilo atajua kwa nini anaambiwa kila moja.

Chembe inayogeuka umbo

Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, bapa, na imebonyea katikati. Ni laini kiasi cha kujikunja. Ulaini huo unahitajika, kwa sababu vishipa vidogo kabisa mwilini ni vyembamba kuliko chembe yenyewe. Chembe hupita humo moja moja, zikijibana, kisha hurudi katika umbo lake zikitokea upande wa pili.

Ndani ya chembe mna himoglobini, ambayo hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuiacha kwenye misuli, mifupa na ubongo. Himoglobini imeundwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa mfano wa shanga katika uzi. Kwa mtoto mwenye selimundu, shanga ya sita katika moja ya nyuzi hizo si ile inayopaswa kuwapo. Kosa ni hilo tu. Himoglobini ya namna hiyo huitwa S.

Himoglobini S ikiwa imebeba oksijeni haina shida. Ikishaiacha, ile shanga isiyo yake hunata. Himoglobini moja hushika ya pili, ya pili hushika ya tatu, mpaka zinajengeka nyuzi ndefu na ngumu zinazosukuma utando wa chembe kutoka ndani. Chembe hunyooka na kupinda kama mundu wa kukatia nyasi, na ndipo jina la ugonjwa lilipotoka.

Chembe ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, nyuzi huachana nayo huwa mviringo tena. Lakini kila safari huudhuru utando wake, na baada ya safari nyingi hubaki mundu moja kwa moja. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtoto huyu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu damu yake huwa pungufu na macho yake huwa ya manjano hata siku ambazo hana maumivu yoyote.

Mashindano ya muda

Hapa mzazi anaweza kuuliza: ikiwa damu huacha oksijeni kila dakika, mbona mtoto haumwi kila dakika? Jibu ni kwamba nyuzi zile hazijengeki papo hapo. Kuna muda mfupi wa kusubiri. Chembe hupita kwenye kishipa chembamba kwa takriban sekunde moja, na mara nyingi huwa imeshatoka na kuingia mshipa mpana kabla haijakakamaa. Mtoto huwa salama maadamu chembe zinashinda mashindano hayo.

Maumivu huanza chembe zinapochelewa kupita, au nyuzi zinapowahi kujengeka. Baridi hubana vishipa, na chembe huchelewa. Maambukizi hufanya kuta za vishipa na chembe zenyewe zishikamane, na chembe huchelewa vilevile. Mwili ukikosa maji, chembe nazo hupoteza maji, himoglobini hubanana ndani yake, na nyuzi hujengeka upesi zaidi. Kubanana kidogo tu hufupisha sana ule muda wa kusubiri.

Chembe chache zikikwama, zilizo nyuma husimama, huishiwa oksijeni zikingoja, nazo hugeuka mundu. Ni kama lori lililokwama kwenye daraja la gari moja: foleni hukua kwa sababu ya foleni yenyewe. Mfupa ulio mbele hukosa oksijeni, na sehemu hiyo huanza kuumia na kuvimba ndani. Kwa kuwa mfupa ni mgumu na hauna pa kutanukia, maumivu yanaweza kuwa makali kuliko ya kuvunjika, ilhali kwa nje huenda kusionekane kitu.

Mfano wa usiku mmoja

Chukueni mfano wa msichana wa miaka 7 mwenye kilo 20. Shuleni ilikuwa siku ya michezo. Alibeba chupa ya nusu lita ya maji akarudi nayo ikiwa nusu. Njiani alinyeshewa, akakaa saa nzima na sare iliyolowa. Saa nane za usiku aliamka akilia kwamba mapaja na mgongo vinauma.

Mchana jasho lilipunguza maji mwilini, na nyuzi zikawa zinawahi. Jioni baridi ilibana vishipa, na chembe zikawa zinachelewa. Mambo hayo mawili yalikutana. Hakuna mtu aliyemroga, wala hakudanganya ili asiende shule.

Kwanza mzazi apime joto. Kwa msichana huyu kipimajoto kilionyesha 37.2, kwa hiyo hakuwa na homa. Kisha apapase chini ya mbavu za kushoto, mahali wengu ulipo, kama alivyoonyeshwa kliniki, kuona kama umekua kuliko kawaida yake. Kama haujakua, matibabu yanaweza kuanzia nyumbani.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Kilo 20 ni miligramu 300. Dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5 itakuwa mililita 12 na nusu. Hurudiwa kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Ikiwa kliniki imeruhusu ibuprofeni, kipimo ni miligramu 10 kwa kilo, yaani 200 kwa mtoto huyu, baada ya kula kitu, kila baada ya saa 8. Dawa itolewe kwa saa zake badala ya kungoja mtoto alie tena.

Pamoja na dawa, apewe maji, uji mwepesi au maji ya matunda kidogo kidogo, yafike kama lita moja na nusu kwa siku. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, na panapouma pakandwe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Barafu isitumike kamwe, kwa sababu hubana vishipa zaidi.

Baada ya saa moja au mbili, kama maumivu hayajapungua, mtoto apelekwe hospitali. Huko kuna dawa zenye nguvu zaidi, ikiwemo mofini. Wapo wazazi wanaoikataa wakihofia mtoto atakuwa mraibu. Mofini inayotolewa kwa kipimo na wahudumu kwa ajili ya maumivu makali haimfanyi mtoto mraibu. Tena hakuna kipimo cha damu kinachopima maumivu. Wingi wa damu unaweza kuwa uleule wa siku zote na mtoto akawa katika mateso. Neno la mtoto ndilo kipimo.

Yasiyongoja asubuhi

Kama kipimajoto kingeonyesha 38 au zaidi, mzazi asingebaki nyumbani hata kwa saa moja. Wengu huchuja vijidudu kutoka kwenye damu, lakini kwa watoto hawa huzibwa na chembe zilizogeuka mundu na kuharibika mapema, pengine kabla ya kuanza shule. Mtoto asiye na wengu unaofanya kazi anaweza kuzidiwa na bakteria katika muda wa saa chache. Ndiyo maana hupewa penisilini mara mbili kwa siku hadi afikishe angalau miaka 5, na chanjo zake hazipaswi kurukwa.

Dalili nyingine za kukimbilia hospitali ni wengu kukua ghafla huku viganja vikipauka, kwa maana damu nyingi imenaswa humo. Kifua kuuma au kupumua kwa shida. Na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande au maneno kupotea, kwa maana mshipa wa ubongo umeziba.

Dawa inayorefusha muda

Wengi wenu mtakumbuka kwamba mtoto alikuwa mzima miezi ya mwanzo. Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haiungani katika nyuzi za S bali huzizuia zisijengeke. Kadiri inavyopungua, kuanzia miezi 6 hivi, ugonjwa hujitokeza, mara nyingi kwa vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma.

Dawa iitwayo haidroksiyurea huufanya mwili urudie kutengeneza himoglobini hiyo ya utotoni. Chembe hupata muda mrefu zaidi wa kupita kabla ya kukakamaa. Utafiti uliofanywa Kilifi, pamoja na Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kuwa watoto walipoitumia maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vilipungua. Si dawa ya kutuliza maumivu ya leo. Humezwa kila siku, huchukua miezi kadhaa kuonyesha nguvu, na damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu ikizidi hupunguza chembe nyeupe. Mzazi anayeiacha baada ya wiki tatu kwa kuona haifanyi kazi ameiacha kabla haijaanza.

Si kosa la mama

Kuna nyumba zilizovunjika kwa sababu ya ugonjwa huu, baba akisema kwao hakuna kitu kama hicho. Mtoto mwenye himoglobini S pekee ameirithi kwa wazazi wote wawili: sehemu moja kwa mama, nyingine kwa baba. Mara nyingi wote wawili ni wabebaji, wazima kabisa, na hawajui. Kwa wazazi kama hao kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Aliyetangulia kuzaliwa mgonjwa hamkingi anayefuata.

Ubebaji ni wa kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kwa sababu humkinga mtu na malaria kali. Aliyeonyesha uhusiano huo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka wa 1949 aliona kwamba wabebaji ni wengi sehemu hizo na wachache nyanda za juu. Lakini kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye selimundu yenyewe huumizwa sana na malaria, na ndiyo sababu ya chandarua na dawa ya kuzuia malaria.

Siku ya kliniki ijayo, waje na ndugu zake wapimwe. Mje pia na daftari lenye tarehe ya kila shambulio la maumivu, mtoto alikuwa akifanya nini siku iliyotangulia, na dawa gani alipewa saa ngapi. Kutokana na daftari hilo itajulikana kinachomchokoza huyu mtoto hasa, kama ni baridi, kiu au homa, na kipimo cha dawa yake kitarekebishwa.