Sauti Safi Chini ya Paa la Mabati



Chukueni mfano wa katibu wa kikundi cha maji. Nyumba yake ni chumba kimoja: ukuta wa mawe uliopigwa plasta, sakafu ya saruji na paa la mabati. Jioni anarekodi tangazo la mkutano kwa simu iliyolazwa mezani, sentimita 60 kutoka mdomoni. Nje bodaboda zinapita, na redio ya jirani inaimba. Tangazo linapowafikia wanachama, "Jumatano" inasikika kama "Jumatatu". Nusu yao wanafika siku mbili kabla na kukuta mlango umefungwa.

Kosa la kwanza ni umbali. Akisogeza simu hadi sentimita 20, yaani kama shibiri moja, nguvu ya sauti yake inayofika kwenye maikrofoni huongezeka mara 9, lakini redio ya jirani inabaki vilevile. Maikrofoni ya simu nyingi ni tundu dogo karibu na pa kuchajia, kwa hiyo asilizibe kwa kiganja. Alielekeze kwake, kando kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isilipige moja kwa moja. Kama hataki kuishika simu, aiegemeze juu ya taulo iliyokunjwa, kwa sababu meza tupu hurudisha sauti na kupitisha kila mgongano.

Kosa la pili ni mwangwi. Apige kofi moja katikati ya chumba. Akisikia mlio unaobaki hewani, ukuta mtupu ndio unaorudisha sauti, na silabi za mwisho zitafunikwa na zile zilizotangulia. Dawa iko kitandani. Blanketi nzito la baridi ya Julai litundikwe nyuma yake, na lingine nyuma ya simu, kila moja likiachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Likiachana hivyo hunyonya sauti zaidi kuliko likigusa ukuta. Apige kofi tena, na tofauti ataisikia mwenyewe.

Hata hivyo, blanketi hupunguza mwangwi wa ndani tu. Halizuii bodaboda, wala mvua juu ya mabati. Msimu wa mvua, arekodi asubuhi kabla mawingu hayajashuka kutoka mlimani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwisho, arekodi sentensi moja yenye siku na saa, kisha ampe mtu ambaye hajui tarehe aisikilize kwa simu yake. Akiitaja siku sawasawa bila kuuliza, tangazo zima lirekodiwe papo hapo, kabla simu wala blanketi halijasogezwa.