Gawio la Hisa za Ng'ambo: Kilichotangazwa na Kilichofika Mkononi



Wanachama kadhaa wametuuliza jinsi ya kuandika katika daftari gawio la hisa zilizonunuliwa ng'ambo, maana fedha ifikayo haifanani na ile iliyotangazwa. Twapenda kujibu kwa kosa letu wenyewe, kwani ndilo tulijualo vema kuliko mengine.

Mwaka 2024 tulikuwa na hisa 100 za kampuni ya Coca-Cola ya Amerika. Kampuni hiyo hulipa gawio mara nne kwa mwaka, na mwaka ule ilitangaza dola 0.485 kwa kila hisa kila mara, yaani senti arobaini na nane na nusu. Basi tulitazamia dola 48.50, lakini katika hesabu yetu kwa dalali ziliingia dola 33.95. Tukaandika 33.95 chini ya safu ya mapato, tukafunga daftari. Robo tatu zilizofuata tukafanya vivyo hivyo.

Baadaye ndugu yetu akaaye Uingereza, mwenye hisa 100 zile zile, alituambia kuwa yeye hupata dola 41.22. Hapo tukaingiwa na shaka, tukamdhania dalali wetu kuwa mwizi. Tulipochunguza tukaona dalali hana hatia. Sheria ya Amerika yaamuru kwamba gawio liendalo kwa mtu asiye raia wala mkaaji wa nchi ile likatwe kodi ya zuio, ndiyo kodi ambayo mlipaji huikata kabla fedha haijamfikia mwenyewe. Kiwango chake ni 30 katika mia, illa pale nchi ya mwenye hisa ilipofanya mkataba wa kodi na Amerika. Uingereza ina mkataba huo, na kiwango chake kwa gawio la mtu kama ndugu yetu ni 15 katika mia, maadam amejaza fomu W-8BEN. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo sisi hukatwa 30 kamili. Kwetu fomu ile haipunguzi kiwango. Yathibitisha tu kwamba mwenye hisa ni mgeni kwa sheria ya kodi ya Amerika. Nayo ina kikomo: iliyotiwa sahihi mwaka 2024 yakoma tarehe 31 Desemba 2027.

Hapo ndipo tulipolitambua jambo lenyewe. Dola 48.50 ni habari ya hisa, na kila mwenye hisa 100 aweza kuitoa popote alipo. Dola 33.95 ni habari yetu sisi, makao yetu na sheria inayotushika. Ile ya kwanza huitwa pato ghafi, ya pili pato halisi. Karani aandikaye pato halisi peke yake amechanganya habari mbili katika nambari moja, na baadaye hataweza kuzitenganisha.

Sisi tulijaribu kuzitenganisha mwisho wa mwaka, tukakosa tena. Jumla ya tulizopokea ilikuwa dola 135.80. Tulifikiri, "Walikata 30 katika mia, basi na turudishe 30 katika mia." Tukapata dola 176.54. Kumbe pato ghafi la kweli lilikuwa 48.50 mara nne, yaani dola 194.00. Tulipungukiwa na dola 17.46, kwa sababu 30 ile ilikatwa katika fedha nzima, nasi tuliihesabu juu ya fedha iliyokwisha pungua. Njia iliyo sawa ni kugawanya kwa 0.70: 135.80 ukigawanya kwa 0.70 wapata 194.00. Hata hivyo, kugawanya ni dawa ya aliyekwisha kosa. Aliye mwangalifu huandika nambari zote tangu siku ya kwanza.

Tangu hapo utaratibu wetu wa kila robo mwaka umekuwa huu. Gawio likiingia, twaandika tarehe, idadi ya hisa, na kiasi kilichotangazwa kwa kila hisa. Kisha twaandika nambari tatu katika safu tatu: ghafi, kodi iliyozuiwa, na halisi. Kwa robo moja ya mwaka 2024 ni 48.50, 14.55 na 33.95. Safu ya ghafi ndiyo mapato. Safu ya kodi husimama peke yake, wala haichanganywi na ujira wa dalali. Safu ya halisi ndiyo ilinganishwayo na fedha iliyoingia.

Baada ya kuandika twafanya majaribio mawili. La kwanza, idadi ya hisa mara kiasi kilichotangazwa sharti ilingane na ghafi. La pili, kodi tukiigawanya kwa ghafi sharti tupate 0.30. Mtu akipata 0.51, yaelekea ameikata kodi mara mbili: dalali alimwonyesha fedha iliyokwisha katwa, naye akaidhania ghafi, akaondoa 30 nyingine. Madalali wengine huonyesha mistari miwili, gawio na kodi yake. Wengine huonyesha mmoja tu. Yapasa kujua wako ni wa namna gani kabla ya kushika kalamu. Na ikitokea sehemu ya kodi kurudishwa baadaye, huandikwa kama upungufu wa kodi, wala si kama gawio jipya.

Labda mtu atasema, "Fedha yangu ni ile niliyopokea, yaliyobaki yanihusu nini?" Yamhusu siku ya kupeleka hesabu ya kodi. Tanzania humtoza mkaaji wake juu ya mapato yake ya dunia nzima, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yampa nafuu kwa kodi aliyokwisha lipa nje, bila kupita kiasi cha kodi ya Tanzania juu ya pato lile lile. Tuchukue, kwa mfano tu, mtu ambaye kiwango chake ni 20 katika mia. Akionyesha ghafi dola 194.00, kodi ya nyumbani ni dola 38.80. Kodi aliyokatwa Amerika ni dola 58.20, nayo yaifunika yote, halipi zaidi. Akionyesha halisi dola 135.80 bila kutaja kodi ya nje, atalipa dola 27.16 asizodaiwa. Na akionyesha halisi kisha akaomba nafuu, amepunguza pato lake katika hesabu ya serikali, na hilo ni kosa.

Nafuu hiyo yahitaji ushahidi. Dalali wa Amerika hutoa hati 1042-S kabla ya kupita tarehe 15 Machi ya mwaka ufuatao. Kisanduku cha 2 chaonyesha ghafi, na cha 7a chaonyesha kodi. Nambari zake huandikwa kwa dola nzima. Basi kwa mwaka wetu 194.00 husomeka 194, na 58.20 husomeka 58. Tofauti ya senti isimtie mtu wasiwasi.

Mwaka 2025 kampuni ile ilipandisha gawio hata dola 0.51. Daftari letu lilisomeka 51.00, 15.30 na 35.70, nasi tuliona mara moja kuwa kilichopanda ni gawio, na kiwango cha kodi kimebaki palepale. Katika daftari letu la kwanza tungeliona fedha imezidi, tusijue sababu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Aliye na daftari lenye safu moja na alilete mkutano ujao, tulipige mistari pamoja.