Glovu Si Tohara: Kumhudumia Mgonjwa wa Kitandani Nyumbani

(Nakala ya darsa la Ramadhani lililotolewa baada ya sala ya Alasiri)



Sifa zote njema anastahiki Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu waheshimiwa, na mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia. Jana kijana mmoja alinijia na swali. Aliniambia: "Sheikh, baba yangu hanyanyuki kitandani, na mimi ndiye ninayembadilisha nepi. Nikiwa nimevaa glovu, udhu wangu hutenguka?" Nikamjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, kinachotengua ni kuigusa tupu kwa kiganja pasipo kizuizi, na glovu ni kizuizi, basi udhu wake upo. Akashukuru, akaenda zake.

Usiku nilitambua kwamba nimempa nusu ya jibu. Udhu wake upo, naam, lakini mikono yake haijawa salama. Huenda akatoka kwa baba yake akaingia jikoni kukunja sambusa za futari, akiamini kwamba maadamu udhu upo, hana haja ya kunawa. Hukumu ya udhu ni jambo moja, na njia wanazopita vijidudu ni jambo jingine. Leo nataka kuikamilisha ile nusu iliyobaki, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Marehemu baba yangu alipatwa na kiharusi, nikamuuguza nyumbani kwangu, hapa hapa Uingereza. Alipata kidonda cha kulalia, juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapokaribia ngozi. Muuguzi alikuwa akija mara mbili kwa wiki, na alinifundisha kubadilisha bandeji katikati ya siku zake iwapo italowa au itachafuka. Nami nilikuwa nikivaa glovu, nikaivua nepi, nikamsafisha mzee, kisha kwa glovu zile zile nikabandua bandeji, nikasafisha kidonda na kufunga kipya. Nilijiona mwangalifu mno. Sikufahamu kwamba glovu zilikuwa zikinilinda mimi, wala hazikuwa zikimlinda yeye. Kilichokuwa katika nepi nilikipeleka kidonda kwa mkono wangu.

Baada ya siku kadhaa majimaji ya kidonda yakawa mazito, na harufu ikabadilika. Nilisubiri kuona wekundu, kwa kuwa ndivyo nilivyosoma, na wekundu haukuja. Muuguzi alipofika aliweka mgongo wa mkono wake kando ya kidonda, akaniambia niguse na mimi. Ngozi ilikuwa ya moto na ngumu, na rangi yake imekoza kuelekea zambarau. Akanieleza kwamba katika ngozi nyeusi kama zetu wekundu huweza usionekane. Ni mkono unaogundua kabla ya jicho. Mzee alipewa dawa za kuua bakteria, na kidonda kikatulia. Muuguzi hakudai kwamba ana yakini glovu zangu ndizo zilizosababisha, lakini aliniomba nimwoneshe ninavyofanya, na alipoona, alinisimamisha nilipofika kwenye bandeji.

Utaratibu alionifundisha ni huu. Kabla ya kumgusa mgonjwa, weka kila kitu karibu: nepi mpya, maji ya uvuguvugu, vitambaa vya kutupa, bandeji, jozi mbili za glovu, na mfuko wa taka ulio wazi. Asiyejiandaa ndiye anayefungua droo kwa glovu chafu. Nawa kwa sabuni na maji kwa muda wa sekunde 20, ukausha mikono, kisha uvae glovu na aproni ya plastiki. Mfunike mgonjwa shuka, ufunue pale tu unapohitaji, kwani maradhi hayaondoi sitara yake.

Jozi ya kwanza ni ya kazi chafu. Kunja nepi kwa ndani ili uchafu ubaki katikati, uifunge kwa gundi zake, uitie mfukoni. Safisha kwa kuelekeza uchafu mbali na kidonda, na kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugandamiza polepole, usisugue. Bandeji ikiwa imechafuka, ibandue sasa hivi, kwa sababu kubandua bandeji ya zamani nako ni kazi chafu. Ikiwa ni safi na imeshika vizuri, iache kama muuguzi alivyoifunga.

Hapo simama. Vua glovu, nawa mikono, uvae jozi ya pili. Kwa jozi hii safisha kidonda kama ulivyoelekezwa, weka bandeji mpya, ndipo ufunge nepi mpya. Kidonda kikiwa mbali na nepi, mathalani kisiginoni, geuza mpangilio: anza na kidonda, umalizie na nepi. Na huko pia, kila kazi na jozi yake.

Namna ya kuvua nayo ina elimu yake. Shika glovu moja kwa nje, karibu na kifundo cha mkono, uivue huku ukiigeuza ndani nje, uifumbate katika kiganja chenye glovu. Kisha pitisha kidole kitupu ndani ya ukingo wa glovu ya pili, uivue juu ya ile ya kwanza. Uchafu wote unabaki ndani. Baada ya hapo nawa tena, kwa sababu glovu huweza kuwa na tundu usiloliona. Mgonjwa akiwa anaharisha, usitegemee dawa ya mikono yenye spiriti; baadhi ya vijidudu vya kuhara haviuawi nayo, bali huondolewa kwa sabuni na maji. Glovu iliyotumika isioshwe ili ivaliwe tena.

Liko jambo moja la majumba yetu ambalo muuguzi hakulijua: kopo la kutawadhia. Nilikuwa nikilishika kwa glovu chafu, kisha wanangu wakilishika mpini ule ule. Mgonjwa awe na kopo lake peke yake, na halishikwi kwa jozi ya kwanza.

Ama taka, funga mfuko, uutie katika mfuko wa pili, uupeleke kwenye pipa la taka za kawaida. Usitie nepi wala vitambaa chooni, wala katika pipa la taka za kurejelezwa. Kidonda kikishapata maambukizi, muulize muuguzi kwanza, kwani taka za namna hiyo huweza kuhitaji kukusanywa kando. Shuka zilizochafuka usizikung'ute. Zibebe mbali na nguo zako, uzifue peke yake kwa maji ya nyuzi 60.

Ukiona joto au ugumu kando ya kidonda, usaha, harufu mpya, maumivu yanayozidi au homa, mpigie muuguzi siku hiyo hiyo. Na mzee akianza ghafla kuweweseka, akalala usingizi usio wa kawaida au akapumua kwa kasi, usingoje futari wala tarawehe, piga 999.

Yule kijana nimemwona leo amekaa safu ya tatu. Mwanangu, jibu lako sasa limetimia: udhu wako upo, na mikono yako uinawe.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atutakabalie saumu zetu. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.