Duka la Baba na Njia ya Mtoto

 

Mwenye duka katika Hai Mauna huwa amelianzisha kwa jasho lake, na mwanawe aliye mtu mzima atakapo kuligeuza, nyumba huingia mgogoro. Mara nyingi mgogoro huo huzaliwa na mambo matatu yasiyotajwa tangu awali: mali ni kiasi gani, mtoto anafanya kazi kwa cheo gani, na hasara itamwangukia nani.

Ichukuliwe mfano wa mzee auzaye unga wa ngano kwa jumla, uletwao kutoka Uganda kwa njia ya Nimule. Wateja wake wa zamani huwakopesha. Mwanawe, aliyemsaidia miaka 10, ataka kuacha mkopo na kujenga tanuri la mikate. Mzee asema, "Mwanangu, duka hili ndilo lililokulisha na kukusomesha." Mtoto ajibu, "Baba, kila mwaka fedha zaongezeka na magunia yapungua."

Wote wawili wasema kweli. Tangu serikali ilipoiachia pauni ya Sudani ya Kusini ijitafutie bei mwezi wa Desemba 2015, thamani yake imeshuka sana. Ikiwa gunia limekopeshwa kwa pauni 100, na siku ya kulipwa bei ya kununulia jingine ni pauni 120, daftari litaonyesha deni limelipwa lote, kumbe sehemu ya sita ya gunia imepotea. Kwa hiyo, kabla ya kubishana, baba na mtoto wahesabu mali kwa magunia: yaliyomo ghalani, pamoja na yale ambayo madeni ya kulipika yangeweza kununua leo, yakitolewa wanayodaiwa. Hesabu hiyo ifanywe kila mwaka siku ile ile ya kuhesabu zaka, maana siku hiyo bidhaa hukadiriwa kwa bei ya sasa.

Jambo la pili ni cheo cha mtoto. Je, ni msaidizi kwa wema wake, mfanyakazi wa ujira, au mshirika? Lisiposemwa, siku ya msiba duka lote huwa mirathi. Mtoto mwanamume atapata mara mbili ya fungu la dada yake, lakini ile miaka 10 haitahesabiwa. Wala wasia hauponyi jambo hili, kwani mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie. Na hiba ya kumpendelea mmoja yarudi kwenye kisa cha Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake aliambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, afanye uadilifu baina ya watoto wake. Njia iliyo wazi ni baba kupatana na mwanawe ujira au fungu la faida angali hai, mbele ya mashahidi, na ndugu wote wakijua. Hayo ni malipo ya kazi, si upendeleo.

Kugeuza njia si kuvunja nyumba. Huko Tanzania, Gulamabbas Dewji alianzisha biashara katika miaka ya 1970. Mwanawe Mohammed, aliyezaliwa Singida mwaka 1975, aliikuta ikiagiza bidhaa na kuziuza kwa jumla, akaielekeza kwenye viwanda vya nguo, unga na mafuta ya kula. Kutoka gunia la unga hadi mkate ni hatua ya namna hiyo hiyo, ila ndogo.

Basi hatua hiyo ijaribiwe kwa mudharaba. Mzee atoe sehemu tu ya mali, tuseme dola 2,000, na mtoto atoe kazi. Wapatane mafungu ya faida, kwa mfano nusu kwa nusu, wala si kiasi maalumu kila mwezi. Mwaka ukiisha zikawa 2,600, kwanza hurudi 2,000 za mzee, kisha kila mmoja hupata 300. Zikiwa 1,700, hasara ya 300 ni ya mzee, na mtoto amepoteza jasho lake, isipokuwa amefanya uzembe au amevunja masharti. Kwa kuwa mzee ajua mapema kiasi awezacho kupoteza, aweza kumwachia mwanawe uendeshaji wa kila siku.

Mtego mmoja huharibu mapatano haya: unga kutoka dukani kwenda tanurini bila kuandikwa. Dalili yake ni tanuri kuonyesha faida huku magunia ya ghalani yakipungua. Kila gunia liandikwe kwa bei atozwayo mteja mwingine. Hapo ndipo itakapojulikana kama mkate walipa, au ni duka la mzee linaloliwa.

Mwaka ukiisha, wawili hao wakae tena na daftari mbili, ya duka na ya tanuri. Tanuri likiwa limelipa, fungu jingine litolewe. Likiwa halikulipa, duka bado lipo, na baba na mtoto bado wala sahani moja.

Wabillahi tawfiq.