Dawa ya Kuvu Inapokutana na Dawa ya TB: Kupima na Kurekebisha Vorikonazoli kwa Mgonjwa wa Kinoo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wafamasia, maafisa wa kliniki na wauguzi, Kinoo



Kinoo iko Kaunti ya Kiambu, lakini wagonjwa wetu wengi wa saratani na wa kupandikizwa figo hutibiwa Nairobi. Mtu hupata dawa zake kubwa hospitalini mjini, za TB kwenye kituo cha karibu, na za malaria au kiungulia kwenye duka la dawa hapa stejini. Faili zake ziko mahali patatu na hazionani. Nitaonyesha jinsi hali hiyo inavyoweza kuharibu tiba ya aspagilosisi vamizi, na namna ya kuligundua tatizo mapema.

1. Ugonjwa wenyewe

Tukitaja Aspagilasi, wengi hukumbuka mahindi yenye sumu kuvu na vifo vya 2004 Makueni na Kitui. Ile ilikuwa sumu iliyoliwa. Hapa tunazungumzia ukungu ulio hai, mara nyingi Aspagilasi fumigatasi, unaoingia mapafuni kwa pumzi. Sote huuvuta kila siku na miili yetu huuondoa. Kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka sana, hasa kwa zaidi ya siku 10, ukungu huota ndani ya pafu, hupenya mishipa ya damu na kuiziba. Dalili zake ni homa isiyosikia viuavijasumu, kikohozi, maumivu ya kifua, na wakati mwingine makohozi ya damu. Dalili hizo hizo ndizo tulizofundishwa kuziita TB.

Vorikonazoli ilipata nafasi yake mwaka 2002, utafiti mkubwa ulipoonyesha kwamba baada ya wiki 12 wagonjwa 71 kati ya 100 walioanzishiwa dawa hiyo walikuwa hai, dhidi ya 58 walioanzishiwa amfoterisini B ya kawaida. Tangu 2017 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

2. Mgonjwa wa mfano

Nimemtunga mgonjwa huyu kwa ajili ya semina. Ni mwanamume wa miaka 44, kilo 58, mwenye lukemia kali ya mailoidi. Kabla saratani haijagunduliwa alikohoa, akapungua uzito, akaanzishiwa dawa za TB kwa dalili tu, ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Alipolazwa Nairobi kwa tibakemikali, hakuna aliyemuuliza habari za TB, naye aliendelea kumeza vidonge alivyoletewa na mkewe kutoka nyumbani.

Chembe nyeupe ziliposhuka, homa ilirudi. Siti skani ilionyesha vinundu vilivyozungukwa na kivuli hafifu kama utando, na kipimo cha galaktomanani kikawa chanya. Alianzishiwa vorikonazoli ya vidonge: miligramu 400 mara mbili katika siku ya kwanza, saa 12 zikipita kati ya dozi na dozi, kisha miligramu 200 saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Alimeza saa moja kabla ya chakula, kwa maana mafuta ya chakula hupunguza ufyonzwaji. Kama angeanzishiwa ya mshipa, hesabu ingekuwa miligramu 6 kwa kila kilo kwa dozi mbili za kwanza, yaani takriban miligramu 350, kisha miligramu 4 kwa kilo.

3. Kipimo cha kwanza

Siku ya tano damu ilitolewa muda mfupi kabla ya dozi ya asubuhi. Wakati huo dawa iko chini kabisa, na viwango tunavyolinganisha navyo ni vya wakati huo. Damu ikitolewa saa mbili baada ya kumeza, jibu litaonekana zuri hata kama dawa haitoshi. Kwa hiyo fomu iandikwe dozi, saa ya dozi ya mwisho na saa ya kutoa damu. Kama dawa inapitia mshipani, damu itolewe mkono mwingine.

Tunataka angalau miligramu 1 kwa lita, na isizidi 5.5. Jibu lilikuja chini ya 0.2.

Kishawishi hapa ni kuongeza dozi. Muuguzi mmoja akafungua droo ya kando ya kitanda, akakuta pakiti ya dawa za TB. Rifampisini huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa. Katika majaribio kwa watu wazima wenye afya, iliondoa takriban asilimia 96 ya vorikonazoli mwilini, na kuongeza dozi mara mbili hakukuziba pengo. Ndiyo maana dawa hizi mbili haziruhusiwi kutumiwa pamoja. Kabamazepini na fenobabitali, ambazo wagonjwa wetu wa kifafa hutumia, nazo zimekatazwa kwa sababu hiyo hiyo.

4. Kusahihisha

Timu iliipitia upya historia yake, ikakubaliana kwamba TB haikuwa na ushahidi, ikasimamisha dawa zake. Lakini ini halisahau siku hiyo hiyo. Vimeng'enya huchukua takriban wiki mbili kurudi hali ya kawaida. Katika muda huo alipewa amfoterisini B ya liposomu, miligramu 3 kwa kilo kwa siku, yaani 174, huku figo na potasiamu zikipimwa. Kama TB ingethibitishwa, njia hiyo hiyo ndiyo ingeendelea.

Baada ya siku 14 vorikonazoli ilianzishwa tena kwa dozi kubwa za mwanzo. Siku ya tano kiwango kilikuwa 0.7. Dozi ikapandishwa hadi miligramu 300 mara mbili kwa siku. Siku tano baadaye mgonjwa alianza kumsalimia mtu aliyesema amesimama dirishani, ilhali hapakuwa na mtu. Kiwango: 6.4.

Sababu ni mbili. Kwanza, ini lilikuwa bado linatulia, na kila siku lilivunja dawa kidogo kuliko jana. Pili, vorikonazoli haipandi kwa mstari ulionyooka: vimeng'enya vyake hujaa, hivyo kutoka 200 hadi 300 kwa vidonge huongeza dawa mwilini kwa wastani mara mbili na nusu, si mara moja na nusu. Dozi moja ilirukwa, kisha dozi ikashushwa hadi miligramu 250, yaani kidonge cha 200 na cha 50. Maono yaliisha, vimeng'enya vya ini kwenye damu havikupanda, na kipimo kilichofuata kilikuwa 3.1. Tiba yenyewe huchukua angalau wiki 6 hadi 12.

5. Kazi yetu hapa Kinoo

Mgonjwa huyu atarudi nyumbani na vidonge. Akija dukani na kiungulia, omeprazoli na vorikonazoli hupandishana. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na wafarini ikamfanya avuje damu. Dawa ya malaria ya atemetha na lumefantrini huongeza hatari ya kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo apimwe malaria kwanza na hospitali yake ipigiwe simu. Kwa aliyepandikizwa figo, takrolimasi hupunguzwa hadi theluthi moja vorikonazoli inapoanza, na hupandishwa inapokoma. Kwa mwenye VVU, dolutegraviri haina mgongano mkubwa na vorikonazoli, ilhali efavirenzi huishusha sana.

Napendekeza mambo mawili. Kila anayetumia vorikonazoli abebe kadi yenye dozi, kipimo cha mwisho na tarehe yake, na namba ya hospitali. Na kila dawa ikiongezwa au kusimamishwa, damu ipimwe tena baada ya siku tano hivi, kisha irudiwe iwapo iliyosimamishwa ni rifampisini, kwa kuwa jibu la kwanza bado lina kivuli chake.

Kwa mgonjwa wetu, namba 0.2 ilisema dawa haifiki. Sababu yake ilikuwa kwenye droo, na angeweza kuiona mapema yeyote kati yetu aliyempa pakiti ile, kama angemuuliza anatibiwa nini kingine na wapi.